Anayekua ni Biashara, Si Mtoto: Vidokezo 7 vya Kuupa Jina Mpango wa Vijana Wajasiriamali wa Tshangalele

Kila kitu kiko tayari. Wafanyabiashara wazoefu wa Likasi wamekubali kuongozana na vijana wa vijiji vya Ziwa Tshangalele kwa mwaka mzima. Watawafundisha kupanga bei, kutunza hesabu na kutafuta wateja wa mbali. Daftari zimenunuliwa na mahali pa kukutania pamepatikana. Kimebaki kitu kimoja tu: jina. Hapo mtu mmoja anasema, "Tuuite Inua Vijana," wengine wanaitikia, na kikao kinataka kufungwa.

Tafadhali, kisifungwe bado! Kijana mnayemlenga huenda amekuwa akiuza samaki tangu utotoni. Ana wateja wake, ana watu anaowadai, na anajua gunia la makala litapanda bei mwezi gani. Akisikia "Inua Vijana" anaona mmemkuta chini. Mnataka jina linalosema mambo yatakua, bila kusema yeye ni mdogo. Linawezekana, na halihitaji mtaalamu wa matangazo. Shika kalamu, tuanze.

1. Uliza kwanza: anayekua ni nani?

Kua, kuza, kuzwa. Tofauti ni herufi moja mbili, lakini tazama kazi inavyogawanywa. Anayekua anakua mwenyewe. Anayekuza ana kitu anachokishughulikia. Anayekuzwa ametulia, wengine wanamfanyia. Jina kama "Kuza Vijana" linamweka kijana pale mwisho: wewe ndiwe mkuzaji, yeye ni shamba lako. Na ukisema "Kua!" peke yake? Hapo utamkumbusha kila msomaji ule usemi wa wazee, "kua uyaone", ambao haujawahi kuambiwa mtu mzima kwa heshima.

Dawa yake ni nyepesi: peleka ukuaji kwenye biashara. Kenya ipo kampuni inayofundisha wenye biashara ndogo, nayo inaitwa Kuza Biashara. Maneno mawili tu, na hakuna aliyefanywa mtoto. Kinachokuzwa ni biashara, na mwenye kuikuza anaweza kuwa ni wewe unayesoma bango.

Jaribio la haraka: chukua kila jina lililopendekezwa, kisha jibu kwa neno moja, "Kinachokua hapa ni nini?" Jibu likiwa duka, mtaji, wateja au soko, endelea nalo. Jibu likiwa "kijana", lirudishe jikoni.

2. Mbegu iwe mkononi mwake, asiwe yeye mbegu

Tukitafuta picha ya kukua, akili hukimbilia bustanini: mbegu, mche, chipukizi, ua. Ni picha nzuri, lakini angalia umemweka wapi mhusika. Ukimwita "Mche", wewe ndiwe unayemwagilia. "Chipukizi" ina mzigo zaidi, kwani kwa Watanzania ndilo jina la kundi la watoto katika chama cha CCM. Na pale ziwani kuna kishawishi kingine kikubwa: "Vifaranga", kama vifaranga wa samaki. Hebu mfikirie mama wa miaka ishirini na minane, mwenye watoto watatu na meza sokoni, akijitambulisha kwa mteja kuwa yeye ni kifaranga!

Benki ya CRDB ya Tanzania ilipata njia nzuri. Mwaka 2023 taasisi yake ilizindua mpango wa vijana na wanawake wajasiriamali unaoitwa Imbeju, neno lenye maana ya mbegu. Mpango huo unatoa mafunzo na mtaji wa kuanzia. Kwa hiyo mbegu ni kile anachopewa mtu, na anayeipanda ni yeye mwenyewe. Mbegu ni ileile ya kila siku, ila mjasiriamali amebaki kuwa mkulima.

Ukipenda picha ya shamba au ya ziwa, itumie bila woga. Mpe kijana jembe, wavu au kasia. Asiwe mche, samaki wala abiria.

3. Vitenzi vya huruma viachie mradi wa dharura

Inua, okoa, komboa, saidia. Vitenzi hivi vina mahali pake: mafuriko, njaa, vita. Kwenye mpango wa biashara vinafanya kazi usiyoitaka, kwa sababu vinamwambia kila apitaye kuwa waliomo ndani wana shida. Mteja anayesikia fundi cherehani yuko kwenye "Okoa Vijana" ataanza kujiuliza kama nguo yake itakwisha kwa wakati.

Kwetu Kongo lipo na neno la Kifaransa linaloingia kimyakimya: ankadreman. Kila mradi wa vijana "unawaankadre". Neno hilo tumezoea kulisikia kwa vijana wasio na shughuli, wale ambao jamii inaogopa watapotea. Ukilitia kwenye jina, umemchanganya mwenye duka na mtu anayehitaji kuchungwa. Kwa wanaoandika Kiswahili sanifu, mtego wa aina hiyohiyo ni "malezi". Mlezi wa chama ni cheo cha heshima, lakini malezi yenyewe hufanyiwa mtoto.

Utajuaje kuwa jina limeteleza upande huu? Tazama wanaokuja kujiandikisha. Wakija wengi wanaouliza "Mtatupa nini?" na wenye biashara zinazotembea wasionekane, kabla hujamlaumu mtu yeyote, soma tena bango lako. Huenda ndilo liliwaita hao na kuwafukuza wale.

4. Sikiliza wanahesabu nini

Hiki ndicho kidokezo chenye faida kubwa kuliko vyote, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Maneno kama "maendeleo", "mafanikio" na "kesho bora" yanafaa kila mahali, na ndiyo maana hayamshiki mtu popote. Jina lenye nguvu hutoka kwenye kitu ambacho watu wa mahali pale hukihesabu wenyewe wanapotaka kujua kama wamesonga mbele.

Swali la kuuliza ni moja: "Biashara yako ikikua, sisi wengine tutaona kitu gani kimeongezeka?" Liulize ufukweni, liulize sokoni, liulize kwa fundi. Majibu yaandike kama yalivyosemwa, usiyapambe.

Tuchukue mfano wa mpango wetu wa Tshangalele. Mvuvi atasema, "Nitakuwa na bwato ya pili," kwa maana mtumbwi katika Kiswahili cha Katanga huitwa bwato. Anayenunua samaki na kuwakausha atataja beseni zaidi, au siku ambayo hatamwuzia tena mchuuzi wa kwanza anayefika kijijini, bali atapeleka mzigo Likasi mwenyewe. Mwenye bustani ya mboga atataja mteja wa kudumu mjini. Fundi cherehani atataja mashine ya pili. Anayeuza Likasi tayari atataja soko la pili, Lubumbashi.

Umesikia neno linalorudi? La pili! Mtumbwi wa pili, mashine ya pili, soko la pili. Hapo ndipo penye utajiri, kwa sababu neno "pili" linabeba heshima ndani yake. Huwezi kuwa na la pili bila kuwa na la kwanza. Jina linasema "utakua" na papo hapo linakiri kuwa "umekwisha kuanza, tena bila sisi".

Tushindanishe sasa. "Bwato ya Pili" ni tamu masikioni na ina harufu ya ziwa. Lakini wengi wanaopanda mitumbwi kuvua ni wanaume, na wanawake wanaouza samaki watauliza, "Sisi tusio na bwato tuingie wapi?" "Mashine ya Pili" inawaacha wavuvi. "Soko la Pili" inamchukua kila mmoja: mvuvi, mkaushaji, mwenye makala, mwenye mboga na fundi. Wote wana soko, na wote wanajua lile la mbele yake ni gumu kuingia bila mtu anayelifahamu. Na mfanyabiashara wa Likasi ana nini cha kumpa kijana wa ziwani? Soko hilohilo! Jina limeitaja kazi ya mpango wote kwa maneno matatu.

5. Waliomo ndani nao wana majina

Umepata jina la mpango, unapumua. Subiri, bado kuna majina mawili madogo yatakayotumika kila juma: unamwitaje anayeshauri, na unamwitaje anayeshauriwa? Mpango unaweza kuwa na jina la heshima, halafu ukaharibiwa na "mlezi" na "mlelewa" kwenye karatasi ya mahudhurio.

Wengi wa Katanga watapendekeza "yaya", yaani kaka au dada mkubwa. Kwa Likasi ni neno la upendo na heshima, nalo lina uzuri wake: yaya ni ndugu, si bosi. Ila ukitaka siku moja kuandikiana na washirika wa Dar es Salaam au Nairobi, kumbuka kwamba huko yaya ni mtu anayeajiriwa kulea mtoto. "Papa" ndiyo hatari zaidi. Huku Katanga ni baba wa kuheshimiwa, lakini pwani ni samaki mwenye meno ya kutisha. Mpango wenye "mapapa wa biashara" utawakimbiza watu wa Mombasa kabla hujawasalimu!

Mahali pa kujifunzia ni Kinshasa, ambako mtandao wa wafanyabiashara uliochagua neno la Kiswahili unaitwa Makutano. Penye makutano kila mtu amekuja kwa miguu yake. Fuata roho hiyo: tumia jina moja kwa pande zote mbili, kama "wenzi wa biashara" au "washirika", na acha umri na adabu vijionyeshe vyenyewe katika salamu. Kijana ataendelea kumwita mkubwa wake yaya au mama kwa hiari, na hilo ni zuri. Karatasi isimlazimishe.

6. Lipigie simu kabla ya kulichapa

Jina litapita midomoni na kwenye WhatsApp mara nyingi kuliko litakavyopita kwenye bango. Kwa hiyo fanya hivi: mpigie mtu asiyehusika, mtajie jina mara moja, mwombe akuandikie alichosikia. Rudia kwa watu watano. Wakiandika kwa namna tatu tofauti, una kazi ya ziada.

Kwetu tatizo hili ni la kweli, kwa sababu shule zimetufundisha tahajia ya Kifaransa. Sauti ya "ch" ya Kiswahili sisi huandika "tsh", kama lilivyo jina la ziwa lenyewe, Tshangalele. Sasa andika "Chipuka" kwenye bango la Likasi. Mmoja atasoma "Shipuka" kama Mfaransa, mwingine akilitafuta kwenye simu ataandika "Tshipuka", na hatakupata. "Kua" nayo ina shida yake, maana wengi huiandika wakikusudia "kuwa". Jina lisilo na "ch", lisilo na herufi zinazogombaniwa, limekwisha kushinda nusu ya vita.

Vipi herufi za kifupi, ambazo sisi Wakongomani tunazipenda mno? Mradi mkubwa wa kuendeleza biashara ndogo na za kati, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulipewa jina PADMPME. Jaribu kulitamka ukiwa umepanda pikipiki! Shindano lake la mipango ya biashara, kinyume chake, liliitwa COPA, silabi mbili zinazoteleza zenyewe. Kama lazima utumie kifupi, kiwe kinachotamkika kama neno.

Soko la Pili je? Katika jaribio hili litaleta jambo moja: mtu wa Katanga atakuandikia "Soko ya Pili". Usimsahihishe, amua. Kama bango ni la Kapolowe na Likasi, andika wanavyosema watu wa hapo, kwa sababu jina la mpango ni lao kabla ya kuwa la mwalimu wa sarufi. Kama unataka kutembea hadi Tanzania na Kenya, chukua "la". Muhimu ni kuchagua moja na kuitumia kila mahali.

7. Mkubwa asipewe jina, soko lipewe kura

Kuna siku mfadhili atadokeza, kwa tabasamu, kwamba mpango ungependeza ukibeba jina lake. Au mtu atasema tuutie jina la kiongozi fulani ili milango ifunguke. Mkumbusheni historia ya hapa nyumbani. Mji wetu uliwahi kuitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa Kibelgiji wa kampuni za madini na reli. Mwaka 1966 jina hilo liliondolewa, likabaki Likasi. Mkoa nao ulikuwa Katanga, ukaitwa Shaba kuanzia 1971, na mwaka 1997 ukarudi kuwa Katanga, hadi ulipogawanywa mwaka 2015. Majina yanayoshushwa kutoka juu huondoka na walioyashusha. Mpango wa vijana hauna nguvu ya kubadili mabango kila mkubwa anapobadilika. Shukrani kwa mfadhili ziandikwe kwa herufi safi chini ya bango, jina libaki la waliomo.

Basi ni nani aamue? Wale watakaolibeba. Chukua majina matatu yaliyopita vidokezo vya juu, yaandike kwenye makaratasi, uende nayo siku ya soko kwa watu wanane au kumi unaowalenga. Usiwaulize "Mnalipenda lipi?", kwa sababu kwa adabu zetu mgeni hujibiwa lile analotaka kusikia. Uliza hivi: "Ukisikia jina hili, unadhani ni watu gani wako ndani?" Wakijibu "wasio na kazi" au "watoto wa shule", lichane karatasi hapohapo. Wakijibu "wafanyabiashara", umepata.

Swali la pili: "Ungejitambulishaje kwa mteja?" Mwache aseme kwa sauti, "Mimi niko kwenye Soko la Pili." Sikiliza kama sauti inapanda au inashuka mwishoni. Kisha rudi siku ya soko inayofuata, uliza ni jina gani wanalikumbuka bila kuonyeshwa karatasi.

Jaribio hili litakuonyesha na kasoro, ndiyo kazi yake. Kwa "Soko la Pili" kasoro inajulikana mapema: watu watauliza, "Soko hilo liko wapi?" Wanadhani mnajenga vibanda! Usilitupe jina kwa hilo. Liwekee mstari mfupi chini yake, kwa mfano "Wafanyabiashara wa Likasi na Tshangalele wanaoongozana". Sasa hakuna anayetafuta vibanda, na neno "wafanyabiashara" limekaa juu ya wote, wakubwa kwa wadogo.

Na ikumbukwe mpaka wa jina. Ziwa hili lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililojengwa kufikia 1930 ili viwanda vya shaba vipate umeme. Wavuvi na wauzaji ndio waliligeuza kuwa soko la samaki. Watu wenye historia hiyo hawadanganyiki na bango. Mkiita mpango "Soko la Pili" kisha mkaja kila Jumamosi kuwahutubia vijana kuhusu kuamka mapema, jina litageuka kuwa deni. Mkiwapeleka kwa mnunuzi wa Lubumbashi na kuwaacha wapatane bei wenyewe, litakuwa kweli.

Kwa hiyo usichape lolote leo. Chukua lile swali la kidokezo cha nne, nenda ufukweni kesho asubuhi mitumbwi inaporudi, uwaulize watu ni nini kitaongezeka biashara ikikua. Jina la mpango wako wanalo wao.